Kilo Zinazopungua kwa Sifa: Vijana, Tamaa ya Wembamba na Magonjwa ya Ulaji

Kijana aliyekuwa mwembamba tangu awali akipungua uzito, nyumba nzima huingiwa na wasiwasi. Mama humpeleka kupima malaria, shangazi hunong'ona kuhusu kifua kikuu, na babu huuliza kama kuna jambo lililomsumbua shuleni. Kijana aliyekuwa mnene akipungua uzito uleule, mambo hugeuka. Husifiwa msibani na harusini, huombwa siri ya mafanikio yake, na fundi cherehani humpongeza anapobana nguo zake. Kilo ni zilezile, lakini mmoja hupelekwa hospitali na mwingine hupigiwa makofi.

Ni katika makofi hayo ambapo magonjwa ya ulaji hujificha. Mzazi na mhudumu wa afya wamezoea kumtafuta mgonjwa aliyebaki mifupa mitupu. Sehemu kubwa ya vijana wanaojinyima chakula hawafikii hali hiyo, au huifikia wakiwa wameugua kwa miezi mingi. Anayepaswa kutazamwa mapema ni yule ambaye uzito wake umebadilika kwa kasi na ambaye tabia yake mezani imebadilika pamoja nao, hata kama mizani inasema yuko sawa.

Umbo linalotamaniwa

Kwa vizazi vingi, katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, mwili uliojaa ulikuwa ishara ya heri. Mtu aliyeongezeka aliambiwa amenawiri. Miaka ambayo UKIMWI haukuwa na dawa ilizidisha hofu ya wembamba, kwani kukonda kulikuwa tangazo la ugonjwa. Wapo walioamini kwamba jamii yenye mawazo hayo haiwezi kupata magonjwa ya ulaji, na kwamba hayo ni maradhi ya Ulaya na Marekani.

Yaliyotokea Fiji yanatufundisha tusitegemee sana kinga hiyo. Katika visiwa hivyo pia mwili mnene ulipendwa, na kumlisha mgeni hadi ashibe ilikuwa heshima. Televisheni ilifika katika eneo la Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker na wenzake waliwahoji wasichana wa sekondari muda mfupi baada ya kuingia kwake, kisha wakahoji kundi jingine mwaka 1998. Katika kundi la kwanza hakuna msichana aliyesema alikuwa akijitapisha ili kupunguza uzito. Katika kundi la pili walikuwa asilimia 11. Wasichana walieleza kwamba walitaka kufanana na wanawake waliowaona kwenye vipindi, ambao walionekana kuwa na kazi na maisha mazuri.

Kijana wa leo wa Dar es Salaam, Mombasa au Mwanza haangalii televisheni moja sebuleni. Ana simu mkononi, na picha zilizomo zimechaguliwa na kurekebishwa. Zaidi ya hayo, anadaiwa maumbo mawili kwa wakati mmoja: tumbo bapa na kiuno chembamba cha mwanamitindo, pamoja na nyonga pana za umbo la namba nane. Mwili wa binadamu haupunguzi mafuta mahali unapoagizwa. Msichana anayejinyima chakula ili apate kiuno hupoteza pia nyonga na matiti, huona hajafanikiwa, na huzidi kujinyima.

Wavulana hawajasalimika. Kwao shinikizo mara nyingi ni misuli: mayai mengi, unga wa protini, kuacha wanga kabisa, na saa nyingi za kunyanyua vyuma. Kwa kuwa hakuna anayetarajia mvulana augue ugonjwa wa ulaji, hugunduliwa akiwa amechelewa.

Kujinyima kwenyewe ni hatari. Huko Victoria, Australia, watafiti waliwafuatilia karibu wanafunzi 2,000 wenye umri wa miaka 14 na 15, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1999. Wasichana waliojinyima chakula kwa ukali walikuwa na uwezekano mara 18 zaidi wa kupata ugonjwa wa ulaji ndani ya miezi 6 kuliko wasiojinyima. Hata waliojinyima kwa kiasi, uwezekano wao ulikuwa mara 5. Si kila anayeanza kujinyima huugua, lakini wengi wanaougua walianzia hapo.

Mfano wa binti wa miaka 16

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya kufunzia, na kila kipande chake hukutwa katika kliniki. Binti ana urefu wa sentimeta 160. Mwezi Desemba alikuwa na kilo 74, na mjomba wake alimtania mbele ya wageni kwamba kiti kitavunjika. Januari aliacha soda, sukari na maandazi, jambo ambalo kila mtu aliliona la busara. Machi aliacha ugali na wali wa usiku. Mei alikuwa akinywa chai ya rangi asubuhi, haili mchana, na jioni anakula yai moja na matango. Aliamka saa kumi na moja alfajiri kuruka kamba chumbani.

Juni alizimia mstarini shuleni. Zahanati ilimpima malaria, wingi wa damu na mkojo, na majibu yote yakawa mazuri. Alipoulizwa kwa nini hali vizuri alijibu kwamba tumbo linamuuma akishiba. Akaandikiwa dawa za vidonda vya tumbo na kushauriwa kuepuka maharage na vyakula vya mafuta. Kwa nia njema kabisa, alikuwa amepewa kibali cha daktari cha kutokula.

Agosti alizimia tena. Sasa alikuwa na kilo 53. Ukigawanya uzito huo kwa urefu wake uliozidishwa kwa urefu, unapata 20.7, kiwango ambacho kila chati itakiita cha kawaida. Lakini alikuwa amepoteza kilo 21 kati ya 74, yaani asilimia 28 ya mwili wake, katika miezi minane. Muuguzi aliyempokea alifanya jambo ambalo halikuwa limefanywa Juni. Alimlaza dakika 5, kisha akahesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Yalikuwa 46. Akamsimamisha dakika 2, yakaruka hadi 90. Joto la mwili lilikuwa nyuzi 35.3. Hedhi ilikuwa haijaonekana tangu Mei, na kipimo cha ujauzito kilionyesha hana mimba.

Hayo ndiyo maumbile ya anoreksia katika mwili ambao haujakonda. Mwongozo wa magonjwa ya akili uliotolewa Marekani mwaka 2013 uliitaja hali hii waziwazi: mgonjwa ana hofu ileile ya kunenepa na kujinyima kulekule, ila uzito wake uko katika kiwango cha kawaida au juu yake kwa sababu alianzia juu. Moyo wake haujali alianzia wapi. Unajali kasi na kiasi cha kupungua.

Njaa inavyomgeuza mtu

Mwili usiopata chakula cha kutosha hubana matumizi. Hupunguza mapigo ya moyo, hushusha joto, huzima mfumo wa hedhi na kupunguza mwendo wa tumbo. Ndiyo maana binti alivaa sweta mchana wa jua, na ndiyo maana tumbo lilimuuma kweli aliposhiba: chakula kilikaa tumboni muda mrefu kuliko kawaida. Hakuwa akidanganya. Maumivu yalikuwa matokeo ya kutokula, na dawa yake ilikuwa kula.

Mifupa nayo huumia kimyakimya. Ujana ndio wakati ambao mifupa hujengwa kwa wingi, na homoni za kike zinahitajika katika ujenzi huo. Miezi ambayo hedhi imekatika ni miezi ya ujenzi uliosimama, na sehemu ya hasara hiyo huenda isirudi hata uzito ukirudi.

Wazazi wengi huumizwa zaidi na mabadiliko ya tabia. Mtoto aliyekuwa mcheshi anakuwa mkali, anajitenga, anapika keki asizozionja, anatazama video za mapishi usiku kucha, anakata chapati vipande ishirini na kuvila kimoja kimoja. Huonekana kama kiburi au mapepo. Jibu lilipatikana zamani, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani. Mwaka 1944 na 1945, Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula vijana wa kiume 36 waliojitolea, wenye afya njema ya mwili na akili, kwa miezi 6, hadi wakapoteza takriban robo ya uzito wao. Hakuna kati yao aliyetaka kuwa mwembamba. Hata hivyo walianza kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi, kuchezea chakula sahanini, kukasirika, kuhuzunika na kuwakwepa marafiki.

Funzo lake ni kubwa kwa familia. Sehemu kubwa ya tabia hizo hutokana na njaa yenyewe. Kubishana na mtoto mwenye njaa, kumhubiria au kumwadhibu, ni kuzungumza na njaa. Ubongo unahitaji kulishwa kwanza ndipo mazungumzo yashike.

Kutapika na chai za kupunguza mwili

Wapo vijana ambao uzito wao haubadiliki sana. Hujinyima mchana kutwa, kisha njaa huwazidi nguvu na kula chakula kingi kwa muda mfupi, wakihisi hawawezi kujizuia. Baadaye hujuta na kujitapisha, au kunywa dawa za kuharisha. Huu ni ugonjwa wa bulimia, ulioelezwa na daktari Gerald Russell mwaka 1979. Yeye ndiye aliyeonyesha alama inayobeba jina lake: sugu au makovu juu ya vifundo vya vidole, panaposuguana na meno mtu anapojitia vidole kooni. Alama nyingine ni mashavu yaliyovimba karibu na masikio, kwa sababu ya tezi za mate, na meno yanayolika kwa asidi upande wa ndani.

Chai nyingi zinazouzwa kwa ahadi ya kupunguza mwili hutegemea majani ya sanamaki, ambayo watu wa pwani wameyajua kwa karne nyingi kama dawa ya kufunguza choo. Sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana. Virutubisho vingi huwa vimekwisha kunyonywa kwenye utumbo mwembamba, kabla chakula hakijafika huko. Kinachotoka ni maji na madini, hasa potasiamu. Mizani hushuka asubuhi na kupanda tena mtu anapokunywa maji. Potasiamu ikishuka sana, moyo hupoteza mpangilio wa mapigo, na hilo linaweza kumuua kijana anayeonekana hana ugonjwa wowote.

Mzazi atazame nini

Hakuna dalili moja inayotosha. Inayopaswa kumwamsha mzazi ni mchanganyiko wa dalili kadhaa zinazodumu kwa wiki.

Mezani, atazame mtoto anayeondoa kundi moja la chakula baada ya jingine, anayesema daima kwamba amekula kwa rafiki, anayeficha chakula mfukoni au kumpa mdogo wake, anayekataa kula mbele ya watu, au anayekwenda chooni kila baada ya mlo na kufungulia maji. Mwilini, atazame baridi isiyoelezeka, kizunguzungu anaposimama, nywele zinazodondoka, vinyweleo laini vipya mgongoni na mikononi, na hedhi iliyokosekana miezi 3. Katika mwenendo, atazame mazoezi yasiyokosa siku hata akiwa mgonjwa, kujipima uzito mara kwa mara, nguo pana za kuficha mwili, na hasira kali ratiba ya chakula ikibadilika.

Ukuaji nao ni kipimo. Kijana wa miaka 13 anapaswa kuongezeka uzito kila mwaka. Aliyebaki na kilo zilezile mwaka mzima huku akirefuka amepungua, ingawa mizani haijashuka.

Mfungo unahitaji jicho la pekee. Funga ya Ramadhani, Kwaresima au maombi ni ibada, na wengi huifanya bila madhara. Lakini kijana anayeugua anaweza kuitumia kama pazia. Katika utafiti wa wasichana wa sekondari kaskazini mashariki mwa Ghana, uliochapishwa mwaka 2004, waliokutwa wamekonda kwa kujinyima hawakutaja hofu ya unene. Walieleza kujinyima kwao kwa lugha ya dini na ya kujitawala. Dalili ya kutazama ni kijana anayeruka daku, anayegusa futari tu, na anayeendelea kufunga baada ya Idi bila kutaka kuacha. Mgonjwa ana udhuru, na viongozi wa dini wanaweza kumsaidia mzazi kulieleza hilo.

Anapozungumza naye, mzazi aanze na alichokiona, bila kutaja umbo. "Mwanangu, nimeona umezimia mara mbili na hukai nasi mezani, nina wasiwasi, kesho tutaenda hospitali" ni maneno yanayofungua mlango. "Umekonda mno" kwa mgonjwa huyu ni sifa, na "sasa umependeza, umejaa kidogo" ni kisu. Utani wa uzito nyumbani ukome kabisa, hata ule wa mjomba, na hata ule ambao mama anajitania mwenyewe mbele ya kioo.

Kituoni: vipimo visivyohitaji mashine kubwa

Mhudumu wa afya anaweza kumgundua mgonjwa huyu akiwa na saa, kipimajoto, mashine ya shinikizo la damu na mizani. Aulize uzito wa juu aliowahi kuwa nao na lini, kisha ahesabu asilimia iliyopotea. Apime mapigo na shinikizo akiwa amelala dakika 5, na tena amesimama dakika 2. Amhoji kijana peke yake kwa muda, kwa upole, kuhusu kutapika, dawa za kuharisha na hedhi, na amuulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru, kwa sababu hatari hiyo ni kubwa katika magonjwa haya.

Magonjwa mengine yanayokondesha yasisahaulike: kifua kikuu, virusi vya UKIMWI, kisukari, tezi ya shingo iliyozidi kasi, na magonjwa ya utumbo. Tezi iliyozidi kasi na homa huharakisha moyo, njaa huupunguza. Kijana aliyepungua sana na mapigo yake ni ya polepole anapaswa kuulizwa habari za chakula kabla ya kuandikiwa dawa za tumbo. Vipimo vya damu vikiwa vya kawaida visimtulize mtu, kwani mara nyingi huwa hivyo hadi mwisho.

Apelekwe hospitali ya rufaa na kulazwa iwapo mapigo yako chini ya 50 mchana, shinikizo la juu liko chini ya 90, joto liko chini ya nyuzi 35.6, mapigo yanaruka kwa zaidi ya 40 anaposimama, potasiamu au fosfeti imeshuka, amekataa kula kabisa, au anafikiria kujiua. Binti wa mfano wetu alitimiza masharti matatu kati ya hayo, na mizani yake ilisema yuko sawa.

Kurudisha chakula

Aliyekaa na njaa muda mrefu halishwi kwa pupa bila uangalizi. Chakula kinapoingia, mwili huvuta fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kwenda ndani ya seli. Fosfeti ikiporomoka, hasa katika siku za kwanza, mgonjwa anaweza kuvimba miguu, kuhema kwa shida, kuchanganyikiwa, na moyo kushindwa. Kwa hiyo aliye katika hatari hupewa vitamini B1 kabla ya wanga mwingi, madini hupimwa mara kwa mara wiki ya kwanza, na chakula huongezwa kwa hatua zilizopangwa. Maziwa yana fosfeti nyingi na yanafaa kuwa sehemu ya milo ya mwanzo.

Hali ya mwili ikitulia, tiba yenye ushahidi mzuri zaidi kwa vijana wenye anoreksia hufanyika nyumbani. Asili yake ni Hospitali ya Maudsley, London, na msingi wake ni kwamba wazazi huchukua usukani wa chakula kwa muda, kama ambavyo wangemsimamia mtoto mwenye kifua kikuu kumeza dawa. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2010 likiwa na vijana 121, mwaka mmoja baada ya tiba karibu nusu ya waliotibiwa kwa njia hii walikuwa wamepona kabisa, dhidi ya karibu robo ya waliotibiwa peke yao bila wazazi kusimamia chakula.

Kwa familia ya binti yule, maana yake ilikuwa hivi. Alilazwa siku 12, hadi mapigo yalipopanda na madini kutulia. Nyumbani, mama alipakua sahani na binti hakupakua mwenyewe. Alikula milo mitatu na vitafunwa mara mbili au tatu: uji wenye karanga na maziwa asubuhi, wali na maharage mchana, parachichi au chapati jioni, ndizi za nyama usiku. Mtu mzima alikaa naye mezani hadi amalize, bila kumkaripia, na kubaki naye saa moja baadaye ili asiende kutapika. Kamba ya kuruka iliwekwa kando. Shangazi alichukua zamu ya mchana mama alipokuwa kazini. Wiki za kwanza zilikuwa za machozi na milango iliyobamizwa, na mama aliambiwa mapema kwamba machozi hayo si dalili ya kushindwa.

Kila wiki alipimwa kliniki akiwa amekaa kinyume na namba za mizani. Lengo halikuwekwa kwa kutazama chati peke yake, bali kwa kuangalia mapigo, joto, kurudi kwa hedhi na mwenendo wake wa ukuaji tangu utotoni. Mwili wake ulihitaji kupita kilo 60 ndipo hedhi irudi, ingawa 53 zilikuwa "za kawaida". Madaraka ya chakula alirudishiwa kidogo kidogo: kwanza kifungua kinywa, kisha chakula cha shuleni, akiwa na mwalimu mmoja aliyejulishwa.

Kupona huchukua miezi, pengine zaidi ya mwaka, na dalili zinaweza kurejea wakati wa mitihani au maneno ya ndugu. Familia inayojua hivyo hurudi kliniki mara mlo wa kwanza unaporukwa bila sababu, haisubiri kilo ya kumi ipotee.